Kinywaji cha Limau Nacho ni Dawa

Unga wa limau wa kukoroga katika maji moto, uuzwao kwa ajili ya mafua, huhesabiwa na wengi kuwa kinywaji tu. Kumbe pakiti moja ya aina kali hubeba miligramu 1,000 za parasetamoli, sawa na vidonge viwili vya kawaida. Mtu mzima anywaye pakiti nne kwa siku amekwisha kufikia kikomo cha gramu 4. Akimeza pia vidonge viwili vya kichwa asubuhi, mchana na jioni, amefika gramu 7, naye hudhani ametumia dawa mara tatu tu.

Ini huumia kimya. Siku ya kwanza huenda pasiwe na dalili ila kichefuchefu, nacho husingiziwa mafua. Maumivu chini ya mbavu za kulia na macho ya manjano huja baadaye. Asetilisisteini, dawa ya kulikinga ini, hufaa zaidi ikitolewa mapema. Hivyo aliyezidisha aende hospitali hata akijiona mzima, achukue na pakiti zake.

Mgonjwa asilaumiwe. Swali la mfamasia, “Umetumia dawa gani?”, halimgusi anayeamini kwamba hakunywa dawa. Aulizwe pia amekunywa nini cha moto.