Azimio lisilo na jina la mtu halileti mbolea

Ndugu mkulima, fungua daftari la vikao la kikundi chako usome muhtasari wa mwisho. Huenda ukakuta sentensi kama hii: "Wajumbe waliazimia mbolea iletwe mapema." Iletwe na nani? Mapema ni lini? Kikao kijacho itafika ajenda ya yatokanayo, katibu ataisoma, watu watatikisa vichwa, na itaandikwa tena vilevile. Mvua haitawasubiri.

Kwa maoni yangu, mwenyekiti asifunge kikao kabla azimio kama hilo halijagawanywa kuwa kazi. Anzeni na siku ya mwisho, kisha mrudi nyuma.

Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 20 hapa Songea. Kila mmoja ana eka 2 za mahindi na anataka mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia kwa eka, jumla mifuko 40. Wengi hapa hupanda mvua za mwishoni mwa Novemba au Desemba zikishika, kwa hiyo mbolea iwe ghalani Novemba 10. Ukirudi nyuma unapata hivi:

- Septemba 20: taarifa za wanachama wote ziwe zimehakikiwa kwenye daftari la ruzuku. Mhusika ni katibu. Ushahidi ni orodha ya majina 20 yenye namba za usajili.
- Oktoba 20: fedha ziwe zimekusanywa. Mhusika ni mweka hazina. Ushahidi ni stakabadhi.
- Novemba 10: mifuko 40 iwe imenunuliwa na kufikishwa ghalani. Mhusika ni mjumbe mmoja aliyetajwa kwa jina. Ushahidi ni risiti ya duka na hesabu ya mtunza ghala.

Msiandike "kamati" kwenye nafasi ya mhusika. Kamati ikipewa kazi, kila mjumbe hudhani mwenzake anaishughulikia. Pia msimpangie kazi mtu ambaye hakuhudhuria. Aliyepo aulizwe mbele ya wote: utaweza, na unahitaji nini? Mweka hazina akisema watu wengi bado hawajauza mahindi, tarehe ibadilishwe hapohapo. Nauli ya kwenda dukani nayo itajwe inatoka wapi.

Kisha amueni mapema mtafanya nini kazi ikichelewa. Mwenyekiti aulize Oktoba 17, siku tatu kabla ya mwisho wa michango. Ikifika Oktoba 20 na waliolipa ni 12 tu, inunuliwe mifuko 24 ya hao 12. Wengine watajitegemea. Ni uamuzi mgumu kwa majirani, lakini bila huo watu 20 watapanda bila mbolea kwa sababu ya 8.

Kwenye yatokanayo, someni orodha hiyo mstari kwa mstari: imefanyika au haijafanyika? Kama haijafanyika, mhusika aseme sababu na tarehe mpya, na katibu aandike.