Ukuta Ulioishia Darini
Wiki hii nimelala kwa shemeji, kwenye nyumba mpya yenye kuta za matofali ya inchi 6 na plasta pande zote, lakini taarifa ya habari ya sebuleni niliisikia kitandani neno kwa neno. Nikachungulia juu ya dari: kuta za vyumba zimeishia usawa wa jipsamu, na kutoka hapo hadi kwenye bati ni uwazi mmoja. Sauti ni kama maji, haigombani na ukuta ikiona upenyo. Kuongeza unene wa tofali hapo ni kutupa saruji. Pandisheni kwanza ukuta hadi chini ya bati, zibeni mianya kuzunguka kenchi, kisha wekeni mpira chini ya mlango. Anayejenga nusu ukuta asiilaumu runinga.