Arbitri asikimbie nyuma ya mpira

Siku ya Mungu, kwenye tereni zetu za Kalima, kelele iko moja: "Arbitri, eko mbali! Kimbia!" Tunaipiga kila mara timu moja inaponyang'anya mpira na kutoka mbio kwenda kushambulia, arbitri akibaki meta 20 nyuma. Sisi tunasema kelele ile inamwelekeza pabaya. Kwa shambulizi la haraka, lile tunaloita kontrataki, shida ya kwanza si umbali. Shida ni upande ambao arbitri anaangalia kutoka.

Tuchukue jambo tunalolijua bote. Mshambuliaji anakimbia na mpira, beki anamfuata na kutupa mguu. Alichogusa kwanza ni mpira ao ni kifundo? Arbitri akiwa nyuma yao kabisa, hata kwa meta 5, anaona migongo miwili na namba mbili. Mpira umefichwa na miguu. Lakini akiwa kando, hata kwa meta 15 ao 20, anaona nafasi kati ya mguu wa beki, mpira na mguu wa mshambuliaji. Nafasi ile ndogo njo inayosema kama ni kosa ao hapana. Ikifungwa mbele ya macho yake, anapiga filimbi kwa kubahatisha, na mchezaji aliyeumizwa kifundo hatashuka shimoni kesho yake.

Na mbio peke yake haisaidii. Arbitri hawezi kumshinda kijana wa miaka 20 anayekimbia mbele yake. Kazi yake inaanza mbele ya mpira kunyang'anywa, kwa kuchagua pa kusimama na kuwa tayari kugeuka.

Mfano mzuri ni ule wa tarehe 2 Julai 2018, kule Rostov, Urusi, kwenye Kombe la Dunia. Ubelgiji na Japani walikuwa 2-2, dakika za nyongeza zinakwisha. Arbitri alikuwa mwana wa Afrika, Malang Diedhiou wa Senegali. Honda akapiga korneri ya Japani. Kipa Courtois akaudaka mpira na kumviringishia De Bruyne, naye akakimbia nao katikati ya uwanja. Akampasia Meunier upande wa kuume, Meunier akaurudisha ndani chini chini. Romelu Lukaku, mtoto wa Roger Lukaku aliyechezea Zaire, akauacha upite katikati ya miguu yake, Chadli akafunga. Toka mikono ya kipa mpaka wavuni zilipita kama sekunde 10, na mpira ulivuka karibu uwanja mzima.

Tujiweke mahali pa arbitri katika sekunde zile. Wakati wa korneri hapaswi kuingia katikati ya msongamano mbele ya goli. Anasimama karibu na mpaka wa eneo la penalti, kando, mahali anapoona wanaosukumana na wanaovutana jezi. Pale haonei tu vizuri: ameshapunguza njia ya kurudi, sababu mpaka ule uko meta 16 na nusu toka mstari wa goli. Kipa akidaka, arbitri hageuki bila kuangalia. Kuna jambo moja la kuhakikisha: hakuna mpinzani anayemziba kipa asiachie mpira, maana lile ni kosa. Likipita salama, anatoka mbio papo hapo, kichwa kimegeukia bega ili mpira usimpotee.

Sasa anapita wapi? Kawaida arbitri anakimbia kwa mshazari, akiegemea upande wa kushoto wa timu inayoshambulia, na msaidizi mwenye bendera eko kwenye laini ya kuume. Mchezo unabaki katikati yao wawili, kila mmoja anaona upande ambao mwingine hauoni. Kwa shambulizi kama lile la Rostov, mpira unapofika kwa Meunier kuume, uko mbele ya bendera. Unaporudi kushoto kwa Chadli, unakuja upande wa arbitri. Lakini arbitri aliyemfuata De Bruyne moja kwa moja angekuwa nyuma ya migongo toka mwanzo mpaka mwisho. Tena angeweza kukaa kwenye njia ya pasi. Toka mwaka 2019 sheria inasema mpira ukimgusa arbitri ukabaki uwanjani, na ikaanzisha shambulizi la hatari, ao ukaingia golini, ao ukabadilisha timu yenye mpira, mchezo unasimama na mpira unadondoshwa upya.

Kuegemea kando kuna faida nyingine, ile ya karte. Tuseme beki wa Japani angemwangusha De Bruyne pale katikati. Shambulizi lilikuwa la hatari, lakini goli lilikuwa mbali na mabeki wengine walikuwa bado mbele: ile ni karte ya njano. Tuseme sasa ni Chadli aliyevutwa jezi mbele ya goli, peke yake na kipa. Hapo arbitri anajiuliza mambo manne: umbali mpaka golini, mwelekeo wa mchezo, kama mshambuliaji angeupata mpira na kuutawala, na mabeki wangapi walikuwa wapi. Majibu yakimpa Chadli nafasi wazi ya kufunga, kumvuta jezi ni nyekundu. Jibu la nne halimo kwenye mpira. Liko kwa wachezaji walio pembeni, na arbitri anayetazama mpira tu hawezi kuwahesabu.

Tukirudi kwetu, tunajua kuna mpaka. Kwenye mechi nyingi za mitaa na za timu za wachimbaji, anayeshika bendera ni mtu wa mojawapo ya timu, na kazi yake ni kuonyesha mpira uliotoka tu. Ofsaidi inabaki kwa arbitri peke yake. Kontrataki ikianza, anavutwa pande mbili: aende sambamba na beki wa mwisho aone ofsaidi, ao abaki karibu na mwenye mpira aone miguu. Hawezi kuwa pote pawili. Mvua ikinyesha na tereni ikawa matope, anachelewa zaidi. Dawa yake ni kutoka mapema na kupita mbali kidogo upande wa kando, ili jicho moja lishike vyote viwili, hata kama umbali unaongezeka. Atakosa ofsaidi ndogo ndogo. Lakini kosa la kuvunja mguu halitampita, na sisi tunachagua lile.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wanaopanga mechi wafundishe vijana wawili wa bendera wasiokuwa wa timu zinazocheza, wajue kusimama sambamba na beki wa pili toka mwisho na kukimbia naye. Hapo arbitri atakuwa huru kuchunga miguu. Na sisi watazamaji tubadilishe kelele. Filimbi ikilia, tuangalie arbitri amesimama wapi: kama toka pale alipo mgongo wa mchezaji unaziba mpira, hapo tuna haki ya kulalamika, hata kama eko meta 5. Kama eko kando na njia ya macho iko wazi, tumwache aamue, hata kama eko meta 20.