Siku za Bure za Kontena: Hesabu ya Mwagizaji wa Mwankoko Ianzie Mwisho wa Safari

Mwagizaji wa mashine ya kukamua alizeti aliyeko Mwankoko, katika Manispaa ya Singida, yuko takribani kilomita 700 kutoka Bandari ya Dar es Salaam. Umbali huo unampa mzigo wa hesabu ambao mwenzake wa Kariakoo hana. Kontena likishafunguliwa Mwankoko bado ni mali ya kampuni ya meli, na ni lazima lirudi pwani likiwa tupu ndani ya muda uliokubaliwa. Waagizaji wengi hupanga vema safari ya kwenda lakini safari ya kurudi huiacha mikononi mwa dereva. Tozo wasizozitarajia huzaliwa hapo.

Ili kuzikwepa tozo hizo, ni vema kwanza kuelewa kwamba kontena moja huhesabiwa siku na pande mbili tofauti. Upande wa kwanza ni mwendeshaji wa eneo ambamo kontena limehifadhiwa, ama kituo cha makontena bandarini ama bandari kavu, ambaye hutoza hifadhi ya eneo. Upande wa pili ni kampuni ya meli, inayotoza matumizi ya kontena lenyewe. Tozo ya kampuni ya meli nayo ina sehemu mbili. Demareji hutozwa pale kontena lenye mzigo linapokaa bandarini kupita siku za bure. Tozo ya kuchelewesha kontena tupu huhesabiwa tangu kontena linapotoka getini hadi linapopokelewa katika yadi ya makontena matupu. Baadhi ya kampuni hutenganisha sehemu hizo, na kila moja huwa na siku zake. Nyingine huziunganisha kuwa hesabu moja inayoanza meli inaposhusha kontena na kukoma siku kontena tupu linaporudishwa.

Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu wa Singida. Hesabu ikiunganishwa, kila siku inayopotea kwenye forodha inakatwa katika siku za safari ya barabarani. Vilevile, kontena likihamishiwa bandari kavu, hesabu ya kampuni ya meli kwa kawaida haisimami, kwa kuwa kontena bado liko nje ya mikono yake. Kwa hiyo kabla ya kulipia usafiri wa baharini, mwagizaji hana budi kuuliza mambo matatu na kupata majibu kwa maandishi: siku za bure ni ngapi, zinaanza kuhesabiwa lini, na je, Jumapili na sikukuu zimo? Wakati huo ndipo pia pa kuomba siku za ziada na kuhakikisha zimeandikwa katika hati ya shehena. Meli ikishatia nanga, nguvu ya kujadiliana huwa imepungua sana.

Tuchukue mfano wa hesabu, kwa viwango vya kielelezo tu. Kontena la futi 40 lenye mashine limepewa siku 14 za bure kwa hesabu iliyounganishwa, na siku ya kwanza ni ile ya kushushwa. Siku 7 za mwanzo baada ya muda huo ni dola 20 kwa siku. Baada ya hapo ni dola 40. Mwagizaji makini huanza kuhesabu kutoka mwisho. Siku ya 14 anaiacha kuwa akiba. Kontena tupu likabidhiwe yadi siku ya 13, hivyo liwe limefika Dar es Salaam siku ya 12. Ili lifike siku hiyo, liondoke Mwankoko asubuhi ya siku ya 10. Mashine ishushwe siku ya 9, lori liwe limefika jioni ya siku ya 8, na kontena liwe limetoka getini siku ya 6. Maana yake ni kwamba ushuru, vibali na hati ya kampuni ya meli ya kuruhusu mzigo utolewe vikamilike siku ya 5.

Siku tano hizo hazitoshi iwapo nyaraka zitaanza kushughulikiwa meli ikiwa imekwishafika. Utaratibu wa forodha unaruhusu wakala kuwasilisha tamko kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania kabla ya meli kuwasili, na hiyo ndiyo nafasi ya kugundua mapema ankara isiyolingana na hati ya shehena au cheti cha ubora kilichokosekana. Uzito nao uhakikiwe mapema. Lori likizidisha uzito litakwama kwenye mizani, iwe Vigwaza, Mikese au Nala, na saa za kupunguza mzigo hazirudishwi na kampuni ya meli.

Sasa tuone mpango ukivurugika. Kibali kimechelewa, kontena linatoka siku ya 10 na kufika Mwankoko siku ya 12. Winchi ya kushushia mashine haikuwa imekodiwa, hivyo kazi inafanyika siku ya 16. Mwenye lori naye analiweka kontena tupu chini ili achukue nafaka ya kurudi nayo, na kontena linafikishwa yadi siku ya 24. Siku zilizozidi ni 10: saba kwa dola 20 ni dola 140, na tatu kwa dola 40 ni dola 120, jumla dola 260. Kama winchi ingekuwa tayari na lori lingerudi na kontena, lingefika yadi siku ya 17 na tozo ingekuwa dola 60. Ucheleweshaji wa kibali ulichangia, lakini sehemu kubwa ya deni ilizaliwa Mwankoko. Kwa sababu hiyo mkataba wa usafirishaji utaje tarehe ya kurudisha kontena, yadi litakakopelekwa, na nani atalipa likichelewa.

Mzigo wa maboksi au magunia una njia nyingine. Kontena linaweza kufunguliwa Dar es Salaam, bidhaa zikahamishiwa kwenye lori la kawaida, na kontena tupu likarudishwa siku hiyo hiyo au inayofuata. Mwagizaji atalipia vibarua na atabeba hatari ya upotevu na uharibifu, hivyo alinganishe gharama hizo na siku anazookoa. Kwa mashine nzito njia hii mara nyingi haifai, kwa kuwa kila kuinuliwa ni hatari mpya.

Kazi haijaisha hadi hati ya makabidhiano itolewe. Hati hiyo iwe na namba ya kontena, tarehe na hali yake, kwa maana kontena chafu au lililobonyea linaweza kuzua dai jingine. Yadi ikikataa kulipokea kwa kuwa imejaa, mwagizaji aombe ukataaji huo kwa maandishi siku hiyo hiyo na aitake kampuni ya meli itaje yadi nyingine. Ushahidi huo ndio wa kuweka mezani anapopinga ankara, kwanza kwa kampuni yenyewe, na ikishindikana kwa TASAC, msimamizi wa huduma za usafiri majini. Bila hati zenye tarehe, malalamiko hubaki neno la mwagizaji dhidi ya kumbukumbu za kampuni, na dhamana ya kontena aliyoiweka huendelea kushikiliwa.