Deni ni langu, namba ya shangazi si dhamana

1. Wasee, nilikopa kwa apu nikiwa Kitale. Nilipochelewa kulipa, shangazi akapigiwa simu Bungoma: "Mwambie alipe!" Hakuwa mdhamini wangu.

2. Ilani ilisema "tunasoma Contacts". Maana yake wananakili namba za kila mtu kwenye simu yako, na hao watu hawakuulizwa.

3. Zima: Settings > Apps > chagua apu > Permissions > Contacts > Don't allow.

4. Hiyo inazuia usomaji mpya tu. Hata ukifuta apu, nakala inabaki kwao. Waandikie: "Futeni namba mlizochukua, kifungu cha 40, Sheria ya Ulinzi wa Data, 2019." Deni halifutiki hapo, litalipwa.

5. Wakikataa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Sheria inampa siku 90 kuyamaliza.