Notisi ya Bwana Afya Isiwe Karatasi Tupu

Minada ya korosho inapoanza mwezi wa Oktoba, barabara za Nachingwea na Ruangwa hujaa watu. Wapakiaji wa magunia, madereva wa malori na wakulima wanaofuatilia malipo yao hulazimika kula mbali na majumbani mwao. Katika bonde la Mbwemkuru, kama kwingineko wilayani humo, mabanda ya mama lishe huzuka kwa siku chache tu. Wakati huo ndipo bwana afya anapohitajika kuliko wakati mwingine wowote, na ndipo pia kazi yake inapoweza kuharibika upesi.

Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa ofisa afya uwezo wa kuingia mahali pa biashara kwa saa zinazofaa, kukagua, na kumwandikia mwenye mahali hapo notisi ya kuondoa kero. Mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa kutoka TFDA kwenda TBS, lakini kwa mama lishe wa kijijini mtu anayebisha hodi amebaki kuwa yule yule bwana afya wa halmashauri. Basi, swali si kama uwezo upo. Swali ni jinsi unavyotumiwa.

Mfano wa banda moja unatosha. Bwana afya anakuta wali uliopikwa saa nne asubuhi ukiuzwa saa tisa alasiri, ukiwa vuguvugu. Sahani zote zinasuuzwa katika beseni moja la maji yaliyokwisha kuchafuka. Maji ya kunawa hayana koki, bali wateja huchota kwa kikombe kimoja. Choo hakina mlango wala kifuniko cha tundu.

Ofisa mvivu huandika: "Safisha mazingira ndani ya siku saba." Notisi ya namna hiyo haimfundishi mtu kitu, wala haiwezi kumtia hatiani. Haisemi kasoro ni ipi, na siku saba ni nyingi mno kwa wali, tena ni chache mno kwa choo. Wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Ukikaa vuguvugu, mbegu hizo huamka na kuacha sumu ambayo hata kupasha moto upya hakuiondoi. Kwa hiyo wali huo humwagwa siku hiyo hiyo, na mwenye banda huelezwa kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye moto wa kutosha, yaani nyuzi 60 au zaidi. Ndoo yenye koki na beseni la pili vyaweza kupatikana kwa siku mbili. Mlango wa choo unahitaji fundi, basi apewe wiki mbili.

Notisi iliyo kamili hutaja kila kasoro, kinachotakiwa kufanywa, na siku ya mwisho ya kila jambo. Hutiwa saini, na nakala hubaki na ofisa. Kisha ofisa hurudi siku ile aliyoitaja. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Asiporudi, mwenye banda hujifunza kwamba notisi ni karatasi ya kufungia maandazi. Akirudi na kukuta kasoro zimeondolewa, huandika hivyo na kufunga shauri. Akikuta bado, hupeleka shauri mahakamani akiwa na nakala ya notisi, ushahidi kwamba ilipokelewa, na maandishi ya ukaguzi wa pili. Pasipo vitu hivyo, hakimu hana cha kushika.

Fedha inayodaiwa papo hapo, bila notisi, bila namba ya malipo ya Serikali na bila stakabadhi, si faini. Ni bei ya kuacha uchafu uendelee. Mama lishe aliyelipa fedha hiyo hununua ndoo kwa fedha gani?

Yako mambo yasiyongoja notisi ya siku nyingi. Kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 na kuenea mikoani, kufunga mara moja sehemu za chakula zilizo hatari kulikuwa wajibu. Lakini kufunga banda kila mahali, kila siku, huwafanya wauzaji wakimbilie vichochoroni, ambako hakuna ofisa anayefika.

Aidha, haifai kumtoza mama lishe kwa kosa lisilo lake. Pampu ya kijiji ikiwa imekufa na maji yakichotwa kwenye madimbwi ya mtoni, faini haitaleta maji safi. Bwana afya hana budi kuandika barua ya pili, na hiyo iende kwa halmashauri yake mwenyewe. Halmashauri inayotaka wananchi watii notisi zake haina budi kwanza kujibu hiyo inayoandikiwa yenyewe, na kumpa ofisa wake mafuta ya pikipiki ili siku ya kurudi ikifika, arudi kweli.