Kilomita 10 zinataka miezi sita

Na Mwanaidi Shekue

Msimu wa mbio za hisani ukifika, ofisi nyingi za Dar es Salaam hufanya jambo lilelile. Tangazo linabandikwa, fulana zinachapwa, majina yanaorodheshwa, na mtu ambaye hajakimbia tangu amalize shule anaambiwa kwamba baada ya wiki tano au sita atakimbia kilomita 10 pamoja na wenzake. Naliona hilo ni kosa, na nalisema waziwazi kwa sababu nawajua walioumia. Mtu mzima asiye na mazoea ya kukimbia anahitaji karibu miezi sita. Sababu haiko kwenye pumzi wala kwenye bidii yake. Iko kwenye mifupa na kano za miguu.

Mwili haubadiliki wote kwa kasi moja. Ukianza mazoezi leo, majimaji ya damu huongezeka ndani ya siku chache, moyo huanza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na baada ya mwezi hivi unapanda ngazi za ofisini bila kuhema. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Pumzi inakwambia ongeza, nawe unaitii. Kumbe kano ya kisigino, ile kamba nene inayounganisha shavu la mguu na kisigino, bado haijakomaa, maana kano hupata damu kidogo na hukomaa kwa miezi. Mfupa wa ugoko nao una utaratibu wake. Ukiupa mzigo mpya, hufanya kama fundi anayekarabati ukuta: hubandua kwanza plasta iliyochoka, ndipo apige mpya. Kubandua ni kazi ya wiki chache, kupiga mpya ni kazi ya miezi. Ndiyo maana katika miezi ya mwanzo mtu anaweza kujiona ana nguvu kuliko wakati wowote, huku mfupa wake ukiwa bado kwenye ukarabati.

Na mzigo wenyewe si mdogo. Unapotembea, mguu hupokea zaidi kidogo ya uzito wako kwa kila hatua. Unapokimbia hupokea karibu mara mbili na nusu. Mwenye kilo 80 anautua mguu kwa uzito wa kilo 200, na kwa dakika moja anapiga hatua kama 160. Kwa hiyo swali la kwanza la ratiba si umekimbia kilomita ngapi, ni miguu imepokea dakika ngapi za mzigo huo, na imepewa siku ngapi za kujijenga baada yake.

Nieleze kwa mfano wa jirani yangu hapa Tabata, mhasibu mwenye miaka 43 na kilo 80, aliyeanza mwezi Juni. Juni ni mwezi mzuri kwetu: masika yameisha, barabara zimekauka, na asubuhi kuna ubaridi. Kabla ya yote alikwenda zahanati kupima presha na sukari. Mtu wa umri huo, hasa mwenye presha au ambaye kifua humbana anapopanda ngazi, asianze kabla ya kumwona daktari.

Wiki tatu za kwanza hakukimbia hata hatua moja. Alitembea kwa haraka, nusu saa, siku nne kwa wiki, akitoka saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kuwahi daladala. Alilalamika. "Dada Mwanaidi, hii si mazoezi, hii ni safari ya sokoni," aliniambia. Nilimjibu kwamba matembezi hayo yanaiandaa ile kano na lile shavu la mguu, na kwamba anayeyaruka huja kuyalipia mwezi wa pili.

Wiki ya nne alianza kukimbia, kwa zamu. Alitembea dakika tano kuchangamsha mwili, kisha akakimbia dakika moja na kutembea mbili, akarudia mara nane. Jumla alikimbia dakika nane tu. Alifanya hivyo siku tatu kwa wiki, na kila siku ya kukimbia ilifuatwa na siku isiyo na kukimbia. Wiki zilizofuata zamu zilibadilika kidogo kidogo: dakika mbili kwa mbili, tatu kwa mbili, tano kwa mbili, nane kwa mbili. Hatua iliyomlemea aliirudia wiki nzima kabla ya kusonga mbele. Lengo lilikuwa kwamba ikifika wiki ya 12 awe anakimbia dakika 25 mfululizo bila kusimama.

Kasi ndiyo iliyotupa kazi kubwa zaidi. Karibu kila mtu mzima anayeanza hukimbia haraka mno, kwa sababu kumbukumbu yake ya kukimbia ni ya mashindano ya shuleni. Kipimo changu ni mazungumzo. Nilimtaka ataje vituo anavyopita kwenda kazini, Relini, Buguruni, Ilala Boma, Karume, Kariakoo, kwa sauti ya kawaida, bila kukatiza katikati ili avute pumzi. Akishindwa, apunguze mwendo. Mwanzoni mwendo huo ulikuwa polepole hata watembeao kwa haraka walikuwa karibu kumpita. Aliona aibu mbele ya watu, na naielewa aibu hiyo, maana wapo wanaocheka. Lakini mwendo huo ndio unaomwezesha kurudi keshokutwa akiwa mzima, na bila kurudi keshokutwa hakuna mfupa unaojengeka.

Wiki ya nane maumivu yalikuja, pale pale nilipoyatarajia: upande wa ndani wa ugoko, nusu ya chini. Hapa inafaa kila mwenye kuanza ajue kutofautisha. Maumivu yaliyotandaa, yanayochukua urefu wa kiganja au zaidi kando ya mfupa, yanayouma ukianza na kulegea mwili ukipata moto, kwa kawaida ni ishara kwamba mzigo umeongezwa haraka. Hayo hutulia ukipunguza. Maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, yanayozidi kadiri unavyoendelea, yanayokuuma ukirukaruka kwa mguu mmoja au hata ukiwa umelala usiku, hayo yanaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Acha kukimbia siku hiyohiyo uende hospitali. Ufa mdogo ukiachwa ukapona huchukua wiki kadhaa. Ukikimbiwa juu yake unaweza kuwa mvunjiko kamili.

Ya jirani yalikuwa yale yaliyotandaa. Hakuacha kabisa. Kwa wiki moja alitembea tu, kisha akarudi hatua mbili nyuma kwenye ratiba, kwenye zamu ya dakika tatu kwa mbili. Tulitazama pia alikokuwa akikimbilia. Kwanza, kila asubuhi alipita upande uleule wa barabara ya lami, na lami huinama kuelekea mtaroni, hivyo mguu mmoja ulikuwa ukikanyaga chini zaidi ya mwenzake kila hatua. Alianza kubadilisha upande njiani, pale tu palipokuwa salama na magari. Pili, Jumapili alikuwa akienda Coco Beach kukimbia kwenye mchanga mkavu, akiamini mchanga ni mlaini kwa miguu. Kwa kweli mchanga mkavu humeza kisigino, na kano pamoja na shavu la mguu hufanya kazi kubwa zaidi kukitoa. Anayetaka ufukwe angoje maji yapwe akimbie kwenye mchanga mgumu wenye unyevu. Raba zake za mtumba alizonunua Karume tulizibonyeza kwa kidole gumba, na soli ya upande wa kisigino haikubonyea hata kidogo. Ilikuwa imekauka kwa umri, ingawa juu zilionekana mpya. Alitafuta nyingine palepale, safari hii akibonyeza kabla ya kulipa.

Alifikia dakika zake 25 wiki ya 12, kwa sababu katika wiki za mwanzo alikuwa ametangulia ratiba kidogo. Asingetangulia, tungeisogeza tarehe mbele.

Kuanzia wiki ya 13 siku mbili za katikati ya wiki zilibaki vilevile, dakika 25 hadi 30 za mwendo wa mazungumzo. Iliyokua ni Jumapili peke yake. Ilianza na dakika 30, ikaongezwa tano kila wiki hadi 40, kisha ikarudishwa 30 kwa wiki moja. Ikapanda tena, 45, 50, 55, ikashushwa hadi 40. Mwisho ikawa 60, 65, 70. Watu huzionea tabu zile wiki za kushuka, wakiona wanapoteza walichopata. Mimi ningefuta Jumapili nyingine yoyote kabla ya kuzifuta hizo, maana ndizo wiki ambazo mfupa hupewa nafasi ya kujenga bila kudaiwa zaidi.

Mtaona kwamba hakuwahi kukimbia kilomita 10 katika maandalizi. Kwa mwendo wake wa dakika nane kwa kilomita, dakika 70 ni karibu kilomita tisa. Inatosha. Kilomita inayobaki haihitaji kufanyiwa mazoezi, na hatari ya kuumia kwa kuilazimisha Jumapili ya mwisho ni kubwa kuliko faida yake. Wiki ya 24 alikimbia kidogo tu, ikafika Jumapili ya mbio. Ilikuwa Novemba, joto limesharudi, hivyo alitembea dakika moja kila baada ya dakika 10 na kunywa maji kila alipoyakuta. Alimaliza kwa dakika 83. Wiki iliyofuata alitembea tu, na baada yake akarudi kwenye nusu saa yake.

Mambo huingilia ratiba: homa, msiba, safari. Ukikosa wiki moja, endelea ulipoishia. Ukikosa mbili au tatu, rudi nyuma idadi hiyohiyo ya wiki. Ukikosa mwezi, anza tena kwa zamu za kutembea na kukimbia, hata kama pumzi inasema unaweza zaidi. Ramadhani haihitaji kusimamisha kila kitu. Nusu saa ya polepole inayoishia karibu na adhana ya Magharibi, ili maji yawe karibu, inatunza kilichojengwa. Usiongeze dakika mwezi huo.

Ninachowaomba wakubwa wa ofisi ni kidogo. Mbio zikiwa Novemba, tangazo libandikwe mwishoni mwa Mei. Anayejiandikisha Septemba aandikwe kwenye kilomita tano, akimbie na kutembea kwa zamu, na apewe fulana ileile wanayopewa wenzake.